Video 186 na akaunti mbili: kisa cha wabia waliofunga chaneli yao ya ushonaji

Usuli

Wanawake wawili katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania walifundisha ushonaji kwa miaka kadhaa kupitia chaneli moja ya YouTube. Wa kwanza, nitakayemwita Mwalimu, ndiye aliyeonekana kwenye video akipima, akikata na kushona. Wa pili, nitakayemwita Mbia, alirekodi, akahariri na kupakia. Majina, mji na baadhi ya tarakimu nimevibadilisha ili wasitambulike.

Biashara ilipogawanyika, walikubaliana chaneli ifungwe na kila mmoja abaki na nakala ya masomo. Mwalimu alitaka kuyauza kwa wanafunzi wake kwenye flashi. Mbia alitaka tu kumbukumbu ya kazi yake. Ugomvi haukuwapo, ila haraka ilikuwapo, kwa sababu Mbia alikuwa akisafiri kwenda Maskati kwa mkataba wa kazi baada ya wiki sita.

Rekodi za mwanzo hawakuwa nazo. Zilizorekodiwa kwa simu zilifutwa ili kupata nafasi, na kompyuta ya zamani iliyohifadhi zilizobaki ilikwisha kufa. Nakala pekee ya video nyingi ilikuwa ile iliyoko YouTube, yaani mahali penyewe walipotaka kufuta.

Jambo jingine la kufahamu tangu mwanzo ni namna chaneli ilivyomilikiwa. Mbia aliifungua kama akaunti ya biashara, ile ambayo Google huiita Brand Account, iliyofungamana na barua pepe yake binafsi. Mwalimu aliongezwa baadaye kupitia ukurasa wa ruhusa wa YouTube Studio, akapewa cheo cha mhariri. Aliweza kubadilisha vichwa vya video na kujibu maoni, ila ufunguo wa akaunti yenyewe hakuwa nao.

Jaribio la kwanza: furushi la MB 38

Kazi walianza kwa njia iliyo karibu, ya kupakua video moja moja ndani ya YouTube Studio: unafungua orodha ya video, unabonyeza vitone vitatu, kisha `Download`. Baada ya video chache Mwalimu akaona picha zimefifia kidogo, hasa pale sindano inapokaribia ukingo wa kitambaa. Sababu ni kwamba njia hiyo hutoa MP4 ya 720p au 360p, hata kama video ilipakiwa kwa ubora wa juu zaidi. Kwa mtu anayetaka kipande kimoja cha kutuma WhatsApp, inatosha. Kwa masomo ambayo mwanafunzi anahesabu mishono, na video zipo 186, haifai.

Wakahamia Google Takeout, huduma ya Google ya kutoa nakala ya data za mtumiaji, inayopatikana `takeout.google.com`. Mbia aliingia kwa barua pepe yake, akabonyeza `Deselect all` ili asibebe barua pepe na picha zake zote, akaweka alama kwenye `YouTube and YouTube Music` peke yake, akaagiza. Kesho yake akamwandikia Mwalimu: "Shoga, furushi limekuja, lakini mbona dogo hivi? MB 38 tu."

Ndani mlikuwa na historia ya video alizotazama Mbia, orodha ya chaneli anazozifuata na orodha zake za kuchezea. Folda ya `videos` haikuwamo. Kwa siku mbili walidhani video zingekuja kwa barua pepe nyingine. Hazikuja, na zisingekuja kamwe.

Kilichotokea ni kwamba Takeout ilimpa alichoagiza: YouTube ya akaunti yake binafsi. Akaunti ya biashara, japo imefungamana na barua pepe ileile, kwa Takeout ni mtu mwingine. Ili kupata video zake inabidi, ukiwa kwenye ukurasa wa Takeout, ubonyeze picha iliyo juu kulia na kuchagua jina la chaneli, ndipo uagize. Dalili ya kosa hili ni ukubwa wa furushi. Chaneli yenye saa nyingi za video haiwezi kutoka na furushi la MB kadhaa, na ukiona hivyo kagua kwanza picha ile ya juu kulia kabla ya kulaumu kitu kingine.

Mwalimu naye alijaribu kwa barua pepe yake, akapata furushi dogo zaidi. Ruhusa za Studio humpa mtu kazi ya kufanya ndani ya chaneli bila kumpa akaunti, kwa hiyo Takeout yake haikuiona chaneli kabisa. Hapo ndipo ilipobainika kwamba nakala yote inategemea mtu mmoja ambaye yuko njiani kusafiri.

Uamuzi wa ukubwa wa vipande

Agizo la pili lilifanywa wote wawili wakiwa wamekaa pamoja, chaneli ikiwa imechaguliwa. Takeout huuliza maswali machache kabla ya kuandaa furushi, na kwa walio na intaneti ya kubahatisha majibu yake ndiyo huamua kama kazi itakamilika.

Swali la kwanza ni furushi lipelekwe wapi. Mbia alipendelea liingie Google Drive moja kwa moja, lisipite kwenye kompyuta. Lakini nafasi ya bure ni GB 15 kwa akaunti nzima, barua pepe zikiwamo, na video zao zilikadiriwa kufika GB 140. Wakachagua kutumiwa kiungo kwa barua pepe.

Swali la pili ni ukubwa wa kila kipande: GB 1, 2, 4, 10 au 50. Mwalimu alitaka 50 ili yawe mafaili matatu tu ya kushughulikia. Hesabu ilimkatalia. Kwa intaneti ya Mbps 10, faili la GB 50 linahitaji takriban saa 11 bila kukatika, na nyumbani kwao umeme na hotspoti ya simu havijawahi kuvumiliana kwa saa 11. Kwa upande mwingine, vipande vya GB 2 vingekuwa mafaili 70 ya kubonyeza na kuhesabu mkono kwa mkono, na hapo ni rahisi moja kusahaulika. Wakakubaliana GB 10. Kwa kasi ileile kila kipande ni saa mbili na robo hivi, na kikikatika hasara yake inabebeka.

Kulikuwa na sababu ya pili ya kujali kukatika. Viungo vya Takeout hufa baada ya siku 7 hivi, na kila kipande huruhusiwa kupakuliwa mara 5 tu. Anayeanza upya kila umeme unapokatika anaweza kumaliza nafasi zake akiwa hajapata kitu, akalazimika kuagiza tena na kusubiri.

Ndiyo maana hawakupakua nyumbani. Ndugu wa Mwalimu ana duka la kuchapisha nyaraka lenye faibo ya Mbps 20, na usiku haitumiki. Kwa kasi hiyo GB 140 ni saa 15 na nusu hivi, yaani usiku mbili. Kufanya hivyo kwa bando la simu kungewagharimu kuliko bei ya diski yenyewe.

Diski iliyokataa

Usiku wa kwanza ulianza vibaya. Mwalimu alileta diski ya nje ya TB 1, mpya machoni, iliyowahi kutumika kwenye televisheni. Kipande cha kwanza kilipakuliwa vizuri kwenye kompyuta ya dukani, lakini kilipohamishiwa kwenye diski, Windows ikasema faili ni kubwa mno, wakati diski ilikuwa karibu tupu.

Diski ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo ambao hauwezi kubeba faili moja lenye GB 4 au zaidi, hata diski iwe na nafasi kiasi gani. Mafundi wengi wa televisheni na redio za magari hufomati hivyo kwa sababu vifaa vingi vya zamani husoma mfumo huo tu. Walinakili pembeni filamu chache zilizokuwamo, wakaifomati upya kwa exFAT, unaosomeka kwenye Windows na Mac na usio na kikomo hicho. Kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo hatua hii hufanywa kabla ya siku ya kupakua, ukiwa na utulivu. Wao waliifanya saa nne usiku huku mwenye duka akiwasubiri afunge, na ilikuwa bahati tu kwamba diski haikuwa na kitu cha thamani.

Kuhakiki

Asubuhi ya pili walikuwa na mafaili 14 ya zip. Mbia alitaka chaneli ifutwe siku hiyohiyo. Mwalimu akamwomba wasubiri mpaka wahesabu, na kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliookoa kisa chote.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya mafaili yenyewe. Moja lilikuwa na GB 6 wakati mengine, isipokuwa la mwisho, yalikaribia 10. Kwenye kompyuta yenye Linux au Mac mtu anaweza kulipima kila moja hivi:

```
unzip -t takeout-009.zip
```

Amri hii husoma faili zima bila kulifungua na mwishoni hutaja kama kuna hitilafu. Lile la GB 6 lilikuwa limekatika katikati, kivinjari kikalihifadhi kana kwamba limekamilika. Ilikuwa siku ya tano tangu kiungo kitolewe, wakalipakua upya.

Hesabu ya pili ilikuwa ya video. Kila zip ikifunguliwa hutoa folda yake iitwayo `Takeout`, na ukizifungua sehemu tofauti, video zinatawanyika kwenye folda 14. Walizifungua zote mahali pamoja ili ziungane, kisha wakahesabu yaliyomo kwenye folda ya `videos`: 186. Studio nayo ilionyesha 186, zikiwamo za faragha na zile zisizoorodheshwa ambazo wanafunzi waliolipia walipewa kiungo. Mwenye kuhesabu video za hadharani tu angeona ziada na kuchanganyikiwa.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa majina. Mafaili hutoka yakiwa na kichwa cha video kama jina, na Mbia alikuwa na mazoea ya kuipa video zaidi ya moja kichwa kilekile. Zikatoka `Somo la mazoezi.mp4`, `Somo la mazoezi(1).mp4`, na kuendelea hadi `(5)`. Ipi ni ya kola na ipi ni ya zipu ya kujificha? Jibu lilikuwa kwenye folda ya `video metadata`, kwenye faili la `videos.csv`. Jedwali hili hufunguka kwenye Excel na lina mstari mmoja kwa kila video: kitambulisho chake, kichwa, maelezo yaliyoandikwa chini yake, tarehe ya kuundwa, na urefu wake kwa milisekunde. Unagawa urefu kwa 1,000 kupata sekunde. Mstari wenye 754000 ni sekunde 754, yaani dakika 12 na sekunde 34, na faili lenye urefu huo lilikuwa moja tu. Kwa namna hiyo walizitambua zote sita, wakazipa majina mapya yanayoanza na kitambulisho cha video.

Mwisho Mwalimu alicheza kila video kwa sekunde chache mwanzoni, katikati na karibu na mwisho. Kazi ilimchukua jioni kadhaa, ikamhakikishia kwamba video zilizopakiwa kwa 1080p zimerudi kwa 1080p.

Majibu bila maswali

Wakati wa kukagua ndipo walipogundua kilichokosekana. Maarifa mengi ya chaneli yalikuwa kwenye maoni: mwanafunzi anauliza kwa nini kwapa linavuta, Mwalimu anajibu. Furushi lilikuwa na folda ya `comments`, wakafurahi, wakaifungua. Yalikuwamo maoni yaliyoandikwa na chaneli peke yake. "Ndiyo, ongeza inchi 2." "Hapana, kata kwa mshazari." Takeout hutoa data yako, na swali la mtazamaji ni data ya mtazamaji.

Ipo zana ya yt-dlp inayoweza kuchota maoni ya video za hadharani. Mbia aliikataa, kwa kuwa masharti ya YouTube hayaruhusu kuchota maudhui kwa zana za nje bila idhini, na akaunti ilikuwa kwa jina lake. Sikubaliani wala sipingi. Aliyeshika dhamana ndiye mwenye kuamua. Walifungua ukurasa wa maoni ndani ya Studio, wakachuja yenye maswali, wakanakili kwa mkono ya masomo 20 yaliyokuwa na mjadala mkubwa. Mengine waliyaacha.

Takwimu za watazamaji nazo hazikuwa kwenye furushi. Hizo hutolewa ndani ya Studio, upande wa uchambuzi, kwa kuhamisha jedwali kwenda CSV. Manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya video, ambayo Mwalimu aliyaandika mwenyewe kwa masomo machache waliyapakua moja moja katika ukurasa wa manukuu wa Studio, kwa muundo wa .srt. Wafuasi wa chaneli hawana njia yoyote ya kuhamishwa.

Kufunga kwa awamu

Studio hutoa njia mbili za kuondoka: kuficha chaneli au kufuta maudhui moja kwa moja. Mbia alidhani kuficha ni salama kwa kuwa kunarudishika. Ni kweli kwa video, lakini maoni na majibu ambayo chaneli imeandika hufutika kabisa ukiificha. Wakachagua njia ya tatu isiyo na kitufe chake maalumu: walichagua video zote kwenye orodha ya Studio na kuzibadilisha ziwe za faragha kwa pamoja. Hilo linarudishika bila kupoteza kitu.

Wiki iliyofuata ikawa mtihani. Simu zikaanza kuingia. Chuo kidogo cha ufundi kilikuwa kimeweka viungo vya masomo manne kwenye ratiba yake, na kundi la WhatsApp la washonaji lilikuwa limebandika kimoja kwenye maelezo yake. Mwalimu aliwapelekea flashi. Kama chaneli ingefutwa, hawa wangepata ukurasa mtupu na yeye asingejua ni video ipi waliyoitaka.

Chaneli ilifutwa siku chache kabla ya safari, nakala zikiwa kwenye diski mbili. Kabla ya kumpa Mwalimu diski yake, Mbia aliondoa folda ya `history`, yenye video zilizotazamwa na maneno yaliyotafutwa kwa akaunti hiyo. Wengi husahau kwamba furushi la data hubeba na hayo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kutenganisha kupakua na kufuta kwa wiki kadhaa. Kosa la kipande cha GB 6, la maoni na la viungo vya chuo yote yalijitokeza katika muda huo, na hakuna hata moja lililoonekana siku ya kupakua. Pia kuchagua GB 10 kulikuwa sahihi kwa mazingira yao. Mwenye faibo ya uhakika hana sababu ya kuogopa 50, na mwenye kutegemea bando la usiku angeshuka hadi 4.

Kilichoshindikana kilianzia mbali, siku chaneli ilipofunguliwa. Watu wawili walifanya kazi sawa, lakini mmoja tu ndiye aliyekuwa mmiliki kwenye akaunti. Mbia angesafiri mapema, au angekasirika, Mwalimu angebaki na uwezo wa kupakua 720p moja moja, mpaka siku ruhusa yake itakapoondolewa. Akaunti ya biashara huruhusu wamiliki zaidi ya mmoja, na kumwongeza wa pili ni kazi ya dakika chache. Aliyeongezwa hulazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuweza kufanywa mmiliki mkuu, kwa hiyo wiki ya mwisho kabla ya safari ni kuchelewa.

Udhaifu wa pili ni maoni. Walipata ya masomo 20 kwa sababu video zilikuwa bado ziko hadharani walipogundua. Wangezifanya za faragha kwanza, wangelazimika kuzirudisha ili wayasome. Mpangilio ulio bora ni kunakili maoni na takwimu kwanza, kuagiza Takeout baada ya hapo, kuhakiki, kisha faragha, na kufuta mwisho kabisa.

Kuhusu gharama, walinunua diski moja zaidi na kumlipa mwenye duka umeme wa usiku mbili. Muda mwingi ulikwenda kwenye majina ya mafaili, na huo ungepungua sana kama kila somo lingepewa namba yake kwenye kichwa tangu lilipopakiwa.